Hifadhi, Weka au Sevu? Ulinganisho wa maneno ya vitufe kwa anayetafsiri apu kwa Kiswahili

Kama umeshawahi kupewa faili la maneno ya apu uligeuze liwe Kiswahili, unajua kwamba sentensi ndefu hazisumbui sana, maana sentensi ina nafasi ya kujieleza, ukikosea neno moja maneno jirani yanalibeba. Kinachokosesha usingizi ni vitufe. Neno moja, limekaa peke yake, mtu analiangalia nusu sekunde kisha anabonyeza, na akibonyeza ndo imetoka. Na kwenye faili unaletewa hivi tu, bila picha, bila maelezo:

```xml
<string name="save">Save</string>
<string name="cancel">Cancel</string>
<string name="undo">Undo</string>
```

Hapo ndipo watu wanagawanyika. Kuna wanaoandika Hifadhi, Ghairi, Tendua. Kuna wanaosema hapana, hayo ni maneno ya vitabuni, andika Weka, Acha, Rudisha kama watu wanavyoongea nyumbani. Na kuna wa tatu, wengi wao vijana, wanaosema mbona kila mtu anasema "nimekusevu" na "nimekansel", kwa hiyo andika Sevu, Kansel, Andu yaishe. Nimeshafanya kazi na seti zote tatu na kila moja nimeona ikifaa mahali na ikiharibu mahali, kwa hiyo naziweka hapa kwa vipimo vilevile halafu wewe uangalie apu yako ni ya nani.

Kwanza umbo, kabla ya neno

Kuna jambo moja la kumaliza kabla hatujagusa seti yoyote, nalo ni umbo la kitenzi. Faili nyingi nilizopewa nizisafishe zilikuwa na Hifadhi kwenye skrini ya kwanza, Kuhifadhi kwenye ya pili, na Uhifadhi kwenye ya tatu, kwa sababu watu watatu walitafsiri siku tatu tofauti. Mtumiaji anayeona hivyo anadhani ni vitu vitatu.

Umbo la "ku" lina ubaya wa macho. Panga Kuhifadhi, Kughairi, Kutendua, Kufuta, Kutuma kwenye menyu moja, vyote vinaanza na herufi mbili zilezile, na jicho linalopita haraka linashika mwanzo wa neno. Umewanyang'anya watu ile sehemu wanayoitumia kutofautisha, na umeongeza herufi mbili bure. "Ku" iache kwa vichwa vya habari na maelezo, mfano "Kuhifadhi picha zako", hapo inakaa vizuri.

Amri tupu, yaani Hifadhi, Futa, Tuma, ndiyo watu wameshaizoea kutoka kwenye menyu za pesa za simu. Tuma pesa, toa pesa, lipa bili, mtu amebonyeza hayo tangu miaka ya 2007 na 2008 M-Pesa ilipoingia Kenya kisha Tanzania. Wapo wanaoniambia amri tupu ni utovu wa adabu kwa mtu mzima, huwezi kumwambia bibi "Futa!". Mi nawajibu kwamba kwenye kitufe anayeamrisha ni bibi, anayeamrishwa ni simu. Pale simu inapomwambia bibi afanye kitu ndo unaweka heshima, "Tafadhali andika namba yako", ila hiyo ni sentensi, siyo kitufe. Kwa hiyo seti zote tatu hapa chini nimeziweka kwenye amri tupu.

Vipimo vinne

Urefu: herufi ngapi, maana kitufe kwenye simu ndogo hakina huruma.

Mdomoni: je watu wanalisema neno hilo, na wakilisema wanamaanisha hivyo?

Mgongano: je neno lina kazi nyingine kwenye skrini hiyohiyo? Hiki ndo kipimo ambacho watu wanakisahau na ndicho kinachovunja apu nyingi.

Ukoo: neno la kitufe haliishi peke yake. Ukishabonyeza, simu lazima iseme inafanya, imefanya, haijafanya, na wakati mwingine "usifanye". Kama neno halizai hayo bila kukwama, utakuja kulijutia kwenye mstari wa 300 wa faili.

Seti ya kwanza: Hifadhi, Ghairi, Tendua

*Urefu.* Saba, sita, sita. Siyo fupi kama za Kiingereza ila zinakaribiana zenyewe kwa zenyewe, na hilo lina faida, vitufe viwili vikikaa pamoja vinalingana upana.

*Mdomoni.* Hapa inabidi kuyatenganisha. Hifadhi kila mtu anaijua. Ghairi inajulikana vizuri pwani, na maana yake ya asili inafaa kuliko hata neno la Kiingereza, kwa sababu kughairi ni kubadili nia: nilitaka kusafiri, nimeghairi. Hicho ndicho mtu anachofanya akifungua fomu halafu akaona aachane nayo. Tatizo ni kwamba ukienda bara wengi wanalichanganya na "ahirisha", utasikia "mkutano umeghairishwa" na wanamaanisha umesogezwa mbele. Kwenye kalenda au apu ya miadi mchanganyiko huo una madhara, mtu anaweza kudhani akigusa Ghairi miadi itahamia siku nyingine.

Tendua ni kisa tofauti. Mtaani hulisikii. Ila aliyesoma Kiswahili sekondari amekutana nalo, maana kuna kauli nzima inaitwa kauli ya kutendua: funga inakuwa fungua, kunja inakuwa kunjua, panga inakuwa pangua, bandika inakuwa bandua. Tenda, tendua. Kwa hiyo hata asiyelijua akilitazama kidogo analifungua mwenyewe. Tatizo ni hilo "kidogo", nitalirudia chini.

*Mgongano.* Hifadhi ni kitenzi na pia ni jina. Hifadhi ya Serengeti, na kwenye simu hifadhi ndiyo sehemu ya kuwekea mafaili, "hifadhi imejaa". Google wenyewe Drive yao kwa Kiswahili wanaiita Hifadhi ya Google. Sasa ukiwa na kitufe Hifadhi juu na kichupo Hifadhi chini, mtu hajui kipi kinafanya kazi na kipi ni mahali. Dawa yake nyepesi ni kuiacha Hifadhi iwe kitenzi tu kwenye apu yako yote, na lile jina uliite Nafasi: "Nafasi imebaki kidogo". Ghairi na Tendua hazigongani na chochote, kwa sababu hazina kazi nyingine kwenye maisha ya kila siku.

*Ukoo.* Hapa seti hii inatembea bila kukwama. Inahifadhi, Imehifadhiwa, Haijahifadhiwa, Usihifadhi. Imeghairiwa. Imetenduliwa. Angalia tu kitu kimoja, "Imehifadhiwa" inakubaliana na picha na namba, lakini mabadiliko ni "yamehifadhiwa" na kitabu ni "kimehifadhiwa". Developa akikuletea `%s imehifadhiwa` ili ajaze jina la kitu mwenyewe, mkatalie, mwambie aweke sentensi nzima kwa kila kitu. Nyingine ni Hifadhi na Usihifadhi zikikaa jirani, mkia wake ni uleule, mwenye haraka anakosea. Badala ya Usihifadhi naandika "Toka tu".

*Inamfaa nani.* Apu ambayo watu wataitumia pamoja na simu yenyewe ikiwa kwenye Kiswahili, kwa sababu Android na apu za Google zinatumia maneno hayahaya, kwa hiyo unachomfundisha mtu hapa anakikuta na kule.

Seti ya pili: Weka, Acha, Rudisha

*Urefu.* Nne, nne, saba. Weka na Acha ni raha, zinaingia hata kwenye saa ya mkononi.

*Mdomoni.* Hakuna Mswahili asiyeyajua, kuanzia mtoto wa chekechea. Kama watumiaji wako ni watu ambao kusoma kwenyewe ni kwa kuunganisha silabi, seti hii inawapa nafuu ya kweli, na mi nimeona kwa macho mtu aliyesimama kwenye Ghairi akipita kwenye Acha bila kusita.

*Mgongano.* Hapa ndo bei inalipwa. Maneno ya kila siku yana kazi nyingi, na skrini nayo ina kazi nyingi. Weka ni kuingiza nenosiri, ni kuweka pesa kwenye akaunti, ni kuweka picha ya wasifu, ni kuweka lugha. Kwenye apu ya pesa usiithubutu, "Weka" mtu anatafuta wapi aandike kiasi. Acha inagongana na "acha kufuata" na "acha kupiga", ila hiyo si mbaya sana kwa sababu ikiwa peke yake watu wanaielewa kama "achana nayo", ambayo ndiyo unayotaka.

Rudisha ina shida ya ndugu. Kuna Rudi, ya kurudi skrini iliyopita. Kuna Rudia, ya kufanya tena kile ulichotendua. Kuna Rudisha. Na wengine wanaongeza Rejesha kwa ajili ya kurejesha faili lililofutwa. Maneno matatu ya shina moja yakipishana herufi chache tu, kwenye herufi ndogo za simu, jua la saa saba linawaka kwenye kioo, hapo unategemea bahati. Tena kwa wafanyabiashara kurudisha ni kurudisha hela au kurudisha mzigo, siyo kurudisha hatua.

*Ukoo.* Weka inazaa vizuri: Inaweka, Imewekwa, Usiweke. Rudisha pia, Imerudishwa. Acha ndo inakwama, "Imeachwa" inasikika kama mtu aliyeachwa kwenye ndoa au mzigo uliosahaulika stendi, huwezi kuiandika kwenye taarifa. Ukichagua Acha kwa kitufe, taarifa yake iseme kilichotokea, mfano "Hakuna kilichobadilika".

*Inamfaa nani.* Apu yenye skrini chache na kazi moja au mbili. Kadri skrini zinavyoongezeka ndivyo Weka na Rudisha zinavyozidi kukanyagana.

Seti ya tatu: Sevu, Kansel, Andu

*Urefu.* Nne, sita, nne. Kwa jumla inaishinda seti ya pili kwa herufi moja.

*Mdomoni.* Sevu iko mdomoni kweli, "nisevu basi namba yangu", "kumbe hajanisevu", hayo yanaandikwa kila siku na watu wa kila umri. Kansel ipo, zaidi mjini na zaidi kwa wanaotumia usafiri wa kuita kwa simu, dereva amekansel. Lakini Andu haipo. Sijamsikia mtu akisema "andu hiyo kitu". Watu wanaijua kazi yake kwa mshale uliopinda kushoto au kwa `Ctrl+Z`, hawaijui kwa jina. Kwa hiyo seti hii inavunjika hapohapo kwa neno la tatu, na anayeitetea kwa hoja kwamba "watu ndo wanavyosema" inabidi akubali kwamba kwenye Andu hoja hiyo haipo.

*Mgongano.* Karibu hakuna, maana neno la kukopa linakuja na kazi moja tu. Hii ni faida kubwa na watu wa lugha huwa hawaipi haki yake. Sevu haiwezi kuwa hifadhi ya wanyama wala kuweka pesa, ni kutunza kitu kwenye simu basi. Kwa kipimo hiki pekee inazishinda zile mbili.

*Ukoo.* Vurugu. Imesevu? Imeseviwa? Imesevika? Nimeona zote tatu, na kila mwandishi anaapa kwamba yake ndiyo. Usisevu inasomeka vibaya. Imekanseliwa ni ndefu kuliko Imeghairiwa. Na tahajia yenyewe haijatulia, sevu, seivu, sev, kansel, kensel. Ukiichagua seti hii, kazi yako ya kwanza ni kuandika ukurasa mmoja wa maamuzi na kuubandika ukutani, kwa sababu kamusi haitakusaidia.

*Inamfaa nani.* Gemu, apu za vijana, mahali ambapo lugha rasmi ingeonekana kama imevaa suti kwenye kijiwe.

Skrini moja iliyonifundisha

Nilishawahi kutafsiri apu ya daftari la madeni, ya kikundi fulani, kwa ajili ya wenye maduka madogo. Nilipewa faili tu kama lile la juu, sikuona skrini hata moja. Kwenye `Cancel` niliandika Futa, nikiwaza kufuta miadi, kufuta safari, na kwenye `Undo` nikaandika Rudisha. Kwa macho ya faili yalikuwa maneno safi.

Wiki chache baadaye nikaenda kukaa dukani kwa mama mmoja Mbagala nione anavyotumia. Kuna mteja alikuwa na deni la shilingi 12,500, mama akagusa kwa bahati mbaya alama ya kapu la taka, kikatokea kidirisha: "Una uhakika unataka kufuta deni hili?" Chini yake vitufe viwili, Futa na Sawa.

Akaniangalia. "Sasa mwanangu, mi nataka deni langu libaki. Hapo nagusa wapi?"

Kabla sijajibu akagusa Sawa, kwa maana ya sawa, libaki. Deni likaondoka. Chini kikatokea kile kiutepe cheusi, "Deni limefutwa" na pembeni Rudisha, akaanza kukisoma kwa sauti, "ru-di-sha... nani karudisha?", alidhani simu inamwambia mteja amerudisha hela. Alipomaliza swali utepe ulishapotea.

Nilivyorudi nyumbani niligundua makosa yalikuwa matatu na yalishikana. La kwanza, Futa ilikuwa inafanya kazi mbili zinazopingana, kwenye swali ni kuondoa deni na kwenye kitufe ni kutoondoa. La pili, Sawa haisemi sawa nini. La tatu, utepe. Kwenye maktaba ya Material ya Android ule utepe, `Snackbar`, una muda wa kawaida wa aina mbili, mfupi milisekunde 1500 na mrefu milisekunde 2750. Huo "mrefu" haufiki sekunde tatu. Mtu anayesoma kwa silabi anahitaji zaidi ya hapo hata kwa neno analolijua.

Nikaipitisha skrini hiyohiyo kwenye seti zote tatu. Kwa seti ya kwanza: swali "Futa deni hili?", vitufe Futa na Ghairi, utepe "Deni limefutwa. Tendua". Mgongano umeisha kabisa, ila mama alisimama kwenye Ghairi na Tendua akauliza ni nini. Kwa seti ya pili: Futa na Acha, utepe Rudisha. Acha ilimwingia mara moja, Rudisha ikabaki kuwa hela. Kwa seti ya tatu: Futa na Kansel, utepe Andu. Kansel aliijua kwa sababu mwanae anaendesha bodaboda ya kuitwa kwa simu, Andu aliisoma "andu" akanyamaza.

Nilijaribu pia kuandika "Liache" badala ya Acha, maana deni ni hilo, na dukani ilipendeza. Ila kidirisha hichohicho kinatumika kwa mteja na kwa picha ya risiti, ingebidi iwe Mwache na Iache, neno moja limekuwa matatu. Acha tupu ikashinda kwa sababu haishiki ngeli.

Tulichomalizia nacho ni Futa na Acha kwenye kidirisha, na kwenye utepe tukaandika Tendua lakini tukaongeza muda:

```java
snackbar.setDuration(8000);
```

Sekunde nane. Kwa siku mbili za mwanzo mama aliniuliza Tendua ni nini, nikamwambia mama, ni kama kufungua kilichofungwa, ulichofanya kinafumuliwa. Siku ya tatu hakuuliza. Kama tungebaki na milisekunde 2750 asingepata hata nafasi ya kujifunza, kwa hiyo wakati mwingine ugomvi wa neno ni ugomvi wa muda. Gmail kwenye kutendua barua iliyotumwa wanampa mtu achague sekunde 5, 10, 20 au 30, na hiyo ni kwa watu wanaosoma haraka.

Ghairi ndani ya ghairi

Hili linakumba seti zote kwa hiyo nalitenga. Kuna apu za oda, tiketi, miadi, ambapo kile mtu anachotaka kufanya chenyewe ni kughairi. Kidirisha kinauliza "Ghairi oda?" na vitufe ni Ghairi na Sawa. Ghairi ipi sasa, ya oda au ya kidirisha?

Kiswahili hapa kina utajiri ambao Kiingereza hakina, tuutumie. Ghairi ni kubadili nia kabla jambo halijafanyika. Sitisha ni kusimamisha kitu kinachoendelea, kama faili linalopakuliwa. Batilisha ni kuondoa nguvu ya jambo lililokwisha kukubaliwa, oda, tiketi, muamala. Tengua ipo pia, ila kwa Watanzania imeshikwa na habari za kutengua uteuzi, inaleta harufu ya mamlaka, iache. Kwa hiyo: swali "Batilisha oda?", kitufe cha kwanza Batilisha, cha pili Hapana. Herufi tisa za Batilisha ni nyingi lakini hapo ni mahali ambapo ni bora mtu asome polepole.

Jambo la namna hiyohiyo liko kwenye `Save` ya apu za vikoba na saccos. Kuna kuhifadhi fomu na kuna kuweka akiba, na Kiingereza kinaandika neno lilelile. Ukiona funguo mbili zenye `Save`, usinakili jibu, uliza kila moja iko skrini gani. Fomu ni Hifadhi, hela ni Weka akiba. Na Okoa usiandike kwa yoyote kati ya hizo mbili, kuokoa ni kumtoa mtu majini.

Kwa hali yako

Kama apu yako inatumika Tanzania na Kenya kwa pamoja, na watumiaji ni wa kila aina, seti ya kwanza inakupa ugomvi mdogo zaidi. Mkenya na Mtanzania wanatofautiana kwenye maneno mengi ya mtaani, lakini Hifadhi wote wanayo, na Ghairi na Tendua wanajifunza kutoka kwenye simu ileile.

Kama ni apu ya pesa, ya duka au ya mkopo, Weka na Rudisha zitoe kwenye vitufe vya kazi hii hata kama umeipenda seti ya pili, zibaki kwa ajili ya hela tu. Acha unaweza kubaki nayo.

Kama ni menyu ya nyota na reli, ile ya `*150*00#` na wenzake, skrini nzima ina nafasi ya herufi 182 tu na mtu anachagua kwa namba, hapo Acha na Weka zina thamani kuliko popote. Kutendua huko hakuna, kwa hiyo neno la tatu halikuhusu, weka nguvu kwenye swali la kuthibitisha.

Kama watumiaji wako ni vijana wa mjini, Sevu na Kansel ni halali kabisa, ila neno la tatu likope kutoka seti ya kwanza. Sevu, Kansel, Tendua inaonekana kama nguo isiyoshonwa na fundi mmoja, lakini kila neno linaeleweka au linafundishika, na hilo ni zuri kuliko Andu ambayo haijulikani na wala haijielezi.

Kama ni programu ya shule, Tendua siyo tatizo, mwalimu ataitumia kama mfano darasani.

Na kama umerithi faili la mtu mwingine, usianze kwa kubishana seti gani. Anza kwa kuangalia kwamba `Cancel` imeshaandikwa kwa namna ngapi humo ndani:

```
grep -nE "Ghairi|Sitisha|Batilisha|Katisha|Acha" res/values-sw/strings.xml
```

Ikikuletea maneno manne, fungua kila skrini iliyotajwa, uangalie ni kipi kinafungwa, kipi kinasimamishwa na kipi kinaondolewa nguvu, uyagawe kwa kazi hizo. Ukishayagawa ndo utaona kama umebaki na hoja ya Ghairi dhidi ya Acha au ilikuwa imeshajijibu yenyewe.